Taroti ya ndiyo/hapana: kadi iliyosimama NDIYO, kichwa chini HAPANA. Mbona mimi napata NDIYO kila siku?

Mwali_wa_Kigamboni #1
Wakuu habari zenu. Dada yangu alinitumia seti ya kadi za taroti kutoka Lesta, zile za picha za Rider, zipo 78. Nikajifunza njia rahisi kuliko zote, unauliza swali la ndiyo au hapana unavuta kadi moja, picha ikikaa wima ni ndiyo, ikikaa kichwa chini ni hapana, basi. Sasa nimeuliza wiki tatu naandika kwenye daftari, maswali 19, ndiyo zimekuja 17!! Hata mambo ambayo yalishafeli kadi inaniambia ndiyo. Swali lenyewe linaloniumiza kichwa ni nichukue fremu Kariakoo au nisichukue, nimeuliza mara nne, ndiyo zote nne. Je kadi zinanipenda au kuna kitu nakosea?

Mgosi_Original #2
17 kwa 19? Dada acha biashara ya fremu uingie kwenye kubeti.

Nyota_ya_Kusini #3
Zinakupenda. Seti mpya inakuwa na nguvu nyepesi, ikishakuzoea ndo inaanza kukwambia hapana. Yangu ilichukua miezi miwili kunizoea.

Mzee_wa_Ree #4
Mwali, kabla ya nguvu nyepesi nijibu vitu viwili. Unazichangaje? Na ebu zifunue zote 78 mezani bila kugeuza hata moja, hesabu ngapi ziko kichwa chini, urudi hapa.

Chapakazi77 #5
Samahani mimi mgeni kwenye hili, hizi 78 mnachezaje? Mnagawana ngapi ngapi? Maana sisi tunacheza za 52 tu kijiweni.

Mama_Wawili_Tanga #6
@Chapakazi77 😂😂😂 baba hapa hatuchezi, tunauliza hatma.

Ustadh_Mpole #7
Na kuuliza hatma kwa makaratasi mnajua hukumu yake. Nimepita tu.

Mwali_wa_Kigamboni #8
@Mzee_wa_Ree nachanga kama karata za kawaida, nashika mkono wa kushoto nadondosha vifurushi vifurushi kwa mkono wa kulia. Nimehesabu sasa hivi. Kichwa chini ziko SITA. Na hizo sita nahisi najua zilipotokea, mwanangu alizimwaga sakafuni siku ya kwanza tukaokota okota.

Mzee_wa_Ree #9
Basi daftari lako halina muujiza wowote. Seti ikitoka kiwandani kadi zote zimeangalia upande mmoja. Huo uchangaji wako unabadilisha nani atangulie nani afuate, haugeuzi kadi hata moja kichwa. Unaweza kuchanga mpaka Idi, sita zitabaki sita. Kadi sita kati ya 78 ni kama moja kwa kila 13, kwa hiyo kwenye maswali 19 ungetegemea hapana moja, moja na nusu hivi. Wewe umepata mbili. Kadi zimekujibu sawasawa kabisa, ila swali walilojibu ni "mwanao aligeuza kadi ngapi", sio lile la fremu.

Na kuna jambo lingine linalozidi kuziua hizo za kichwa chini. Ukivuta kadi ikatoka imepinduka unafanyaje ukimaliza? Wengi tunaigeuza ili tuione picha vizuri, halafu tunairudisha ikiwa imesimama. Kila hapana unayoipata unaifuta mwenyewe kwenye seti.

Mwali_wa_Kigamboni #10
Aisee. Nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Kumbe zilikuwa nane.

Nyota_ya_Kusini #11
Mzee heshima yako, lakini kwa nini mwanae amwage siku ile, na kwa nini zigeuke zile sita na sio nyingine? Hakuna kinachotokea bure. Mimi nasema seti ilijipanga.

Mzee_wa_Ree #12
Sibishani na hilo mama. Nasema tu ikijipanga hivyo ni ndiyo kwa yeyote atakayeuliza chochote, hata mwizi akiuliza nikaibe.

Kamau_wa_Lenzi #13
Manze hii imenigusa. Mimi nilijua hiyo shida mapema, so nilikuwa nagawa kadi mara mbili, nusu moja naizungusha kichwa chini, narudisha juu ya nyingine, nakata mara moja, navuta tatu za juu na walio wengi ndio washindi. Nikidhani niko sawa sababu ni 39 kwa 39. Lakini karibu kila saa napata zote tatu ndiyo ama zote tatu hapana, mbili kwa moja sijui kama nimeiona mara tatu. Nikawa naambia watu hii seti yangu haina mchezo, ikisema imesema.

Mzee_wa_Ree #14
@Kamau_wa_Lenzi haina mchezo kwa sababu hukuichanga 😀. Zile 39 ulizozungusha zimekaa pamoja kama kabichi kwenye gunia. Ukikata unachagua tu uko ndani ya gunia lipi, halafu kadi tatu zote zinatoka humo humo. Ulidhani umeita wapiga kura watatu kumbe umemwita mmoja akapiga mara tatu. Kadi zikichanganyika kweli, tatu kwa sifuri inakuja kama mara moja katika nne, zile tatu nyingine zote ni mbili kwa moja. Hicho ndicho kipimo chako. Ukiona tatu kwa sifuri zinajipanga foleni, rudi ukachange.

Mimi nazimwaga mezani kifudifudi nazikoroga kwa viganja viwili kama mtu anayesugua mchele, dakika nzima. Zinazunguka zenyewe. Ukimaliza zihesabu siku moja moja, kawaida kichwa chini zitacheza kati ya 30 na 48. Ukikuta 20 koroga tena.

Mama_Wawili_Tanga #15
Mimi nakoroga hivyo hivyo na bado napata HAPANA mfululizo, yaani mpaka nikaamini nimefungwa. Nilihesabu ziko 33 tu kichwa chini kwa hiyo ilitakiwa ndiyo ziwe nyingi. Elezeni na hiyo wajuzi.

Binti_Shangani #16
Mama Wawili unaifunuaje kadi? Nakuuliza kweli si mzaha. Ipo mezani kifudifudi, unaishika wapi?

Mama_Wawili_Tanga #17
Naishika upande wa kwangu huku naiinua naiangusha kule mbele.

Binti_Shangani #18
Ndiyo hapo yakhe. Ukiifunua kama kifuniko cha sanduku, kilichokuwa juu kinakujia chini. Kadi iliyosimama inakuja kichwa chini na iliyopinduka inakuja wima. Kwa hiyo zile 33 ndo ndiyo zako na 45 ndo hapana zako, kinyume na ulivyohesabu. Ukiifunua kwa ubavu, kama ukurasa wa msahafu, kichwa hakiendi popote. Mimi nilimkamata shoga yangu mmoja Maskati, akiuliza mambo ya mumewe mkono unageuka wenyewe, mara ubavu mara kifuniko, na migongo ya kadi zake ilikuwa na mwezi umechorwa kwa hiyo kabla hajafunua anajua kadi imekaa vipi. Hata hajui kama anajua. Na yote namwamini hakuwa anadanganya.

Mama_Wawili_Tanga #19
Weeee. Nimekataa posa kwa ajili ya hii kitu.

Mgosi_Original #20
Namba ya huyo mposaji bado unayo? 😂

Mama_Wawili_Tanga #21
Ameshaoa. Endeleeni na mada.

Dokta_Pau #22
Wote mnazunguka. Tatizo ni hiyo kichwa chini yenyewe, itupeni. Kuna njia ya marundo matatu ambayo haitaki mambo ya kupinduka. Unachanga, unafunua kadi moja moja kwenye rundo la kwanza, ukikutana na ree unasimama, usipokutana nayo unasimama ukifika kadi ya 13. Rundo la pili hivyo hivyo na la tatu. Ree ikitokea popote ni ndiyo, ikitokea nyingi ni ndiyo ya nguvu, isipotokea kabisa ni hapana. Haina upendeleo. Mimi natumia hii na ni sahihi sana.

Kamau_wa_Lenzi #23
Ree ni nini boss?

Dokta_Pau #24
Ile yenye A. Esi. Vijana wa siku hizi jamani.

Mzee_wa_Ree #25
Dokta upo sahihi kwamba imekwepa suala la kupinduka, lakini "haina upendeleo" hapo umeteleza, na mimi ree ndo jina langu kwa hiyo niachie. Ree ziko nne. Ili upate hapana, kadi 39 za mwanzo, yaani nusu nzima ya seti, zisiwe na ree hata moja, zote nne ziwe zimejificha nusu ya chini. Ya kwanza kujificha huko ni nusu kwa nusu, ya pili karibu nusu tena, ya tatu, ya nne. Nusu ya nusu ya nusu ya nusu ni moja kwa 16, na ukipiga kwa makini inashuka kidogo, ni kama 6 katika 100. Yaani hiyo njia yako inasema ndiyo mara 94 kwa mia. Inamzidi hata Mwali na seti yake ya sita.

Dokta_Pau #26
Mbona mimi napata hapana mara kwa mara?

Mzee_wa_Ree #27
Basi hesabu ree zako, huenda moja iko chini ya kochi.

Dokta_Pau #28
Ziko nne. Nitaleta mrejesho.

Kombo_wa_Chake #29
Assalaam alaykum. Nimesoma kimya kimya toka juu. Marehemu babu yangu alikuwa akipiga ramli Pemba, na hii ndiyo na hapana yenu ilikuwa itamchekesha. Ramli nayo ni mbili tu, witiri na shufwa. Unagonga nukta mchangani bila kuhesabu, halafu unazifuta mbili mbili, inabaki moja au mbili. Ukipata mistari minne umepata sura moja, na sura ziko 16. Lakini hajibu mtu kwa mstari mmoja, wala kwa sura moja. Anapanga sura nne za mama, anazaa nyingine kutokana na hizo mpaka ifike ya 15, ile ndo hakimu. Na hakimu nukta zake lazima ziwe shufwa, zikitoka witiri anafuta mchanga wote kwa sababu anajua mkono umekosea hesabu. Hizo kadi zenu zinamwambia nani kuwa amekosea? Naona nyinyi mpaka mpite wiki tatu na daftari.

Mzee_wa_Ree #30
@Kombo_wa_Chake umenena. Ndiyo shida yenyewe hiyo, kadi ikikaa vibaya haina dalili, inafanana na jibu.

Ustadh_Mpole #31
Nimerudi. Ramli nayo hukumu yake ni ile ile.

Binti_Shangani #32
Ustadh unapita sana kwa mtu anayepita tu 😄

Chapakazi77 #33
Bado sijajibiwa mnagawana ngapi.

Mzee_wa_Ree #34
@Chapakazi77 nikujibu maana swali lako ni zuri kuliko wanavyodhani. Hizi kadi zilianza kama mchezo, Italia karne ya 15, mambo ya kubashiri yalikuja baadaye sana. Wafaransa mpaka leo wanacheza, watu wanne kila mmoja anapata 18, sita zinabaki pembeni. Na kadi zao za kuchezea zina vichwa viwili, kimoja kila upande, kama mfalme wa karata zako za kijiweni. Ukizitumia hizo, ndiyo na hapana ya mtindo wa Mwali haipo kabisa, hakuna chini wala juu.

Hata majina ni ndugu. Taroti ina vikombe, sarafu, panga na fimbo. Sisi tuna kopa, uru, shupaza na pau, tuliyachukua kwa Wareno, na kwao maana yake ni vikombe, dhahabu, panga na magongo. Umekuwa ukizitaja siku zote hapo kijiweni.

Chapakazi77 #35
Duh. Leo nawafunga wote kwa hiyo habari.

Nyota_ya_Kusini #36
Sawa tumeelewa kuchanga na kufunua, lakini mnaongea kama hii ni shilingi ya kurusha. Kadi ina PICHA. Mimi siangalii juu na chini peke yake, mimi Jua likija wima ni ndiyo kubwa, Mnara ni hapana hata ukisimama wima, Kumi ya Panga ni hapana, yule jamaa ana panga kumi mgongoni utamwambiaje mtu ndiyo?

Kamau_wa_Lenzi #37
Na Mnara ukiwa kichwa chini? Hapana ya hapana ni ndiyo?

Nyota_ya_Kusini #38
Inakuwa hapana nyepesi.

Dokta_Pau #39
Mimi nilifundishwa inakuwa ndiyo.

Binti_Shangani #40
Mimi nilifundishwa inakuwa "bado". Watatu sisi, kadi moja, majibu matatu. Na hiyo orodha ya kadi za ndiyo na za hapana kila mwalimu ana yake, hamkai mkakubaliana hata kuhusu yule Aliyening'inizwa, mmoja anasema subiri mwingine anasema hapana.

Mzee_wa_Ree #41
Hapa ndo mimi huona njia ya Mwali imepinda toka mzizi wake. Hakuna aliyeandika mwanzoni kwamba kupinduka maana yake hapana. Yule Mfaransa aliyejiita Etteilla ndo wa kwanza kuweka kitabuni maana za kadi zilizopinduka, 1770, tena kwa karata za kawaida za kuchezea. Alizipa maana nyingine, sio hapana. Waite, aliyepanga hizo picha za Rider za 1909 zilizochorwa na Pamela Colman Smith, yeye Jua likipinduka anasema ni yale yale ila kwa kiasi kidogo. Nne ya Fimbo ikipinduka anasema maana haibadiliki. Sasa mwenye kadi mwenyewe anasema haibadiliki, wewe unaifanya hapana kwa idhini ya nani?

Nyota_ya_Kusini #42
Na wewe Waite alikupa idhini ya nani? Alizikuta kadi zipo tayari miaka mia kadhaa. Maana inakua na watumiaji. Ukikubaliana na kadi zako kabla ya kuvuta kuwa kichwa chini ni hapana, basi ni hapana. Mkataba ni wenu wawili.

Mzee_wa_Ree #43
Hilo nalikubali nusu. Mkataba sawa, lakini mkataba huo umeitupa picha. Kama juu na chini peke yake ndo jibu, kadi 78 za nini, moja inatosha, unaikoroga mezani unaifunua.

Mgosi_Original #44
Au shilingi. Haihitaji dada Lesta.

Mwali_wa_Kigamboni #45
Nimerudi wakuu. Nimekoroga mezani kama Mzee alivyosema, nimehesabu, kichwa chini 41. Nafunua kwa ubavu, na nikimaliza kila swali nairudisha vile vile ilivyotoka nakoroga tena. Nimejaribu maswali 20 ya ovyo, kama je leo ni Jumanne, je nina watoto watano. Ndiyo 11 hapana 9. Na kwa yale ninayoyajua jibu imepatia 10 imekosea 10 😩

Halafu nikapumua nikauliza la fremu, kadi moja tu. Limekuja JUA, kichwa chini.

Dokta_Pau #46
Hapana. Iko wazi.

Nyota_ya_Kusini #47
Ulikubaliana na kadi kichwa chini ni hapana, basi ni hapana, japo Jua linanipa moyo baadaye.

Binti_Shangani #48
Kwa Waite wa Mzee hiyo ni ndiyo ndogo. Chukua fremu ndogo 😄 Lakini shoga, ulilisemaje swali? Maana #1 umeandika nichukue au nisichukue. Hilo ni maswali mawili, kadi ikisema ndiyo imesema ndiyo kwa lipi?

Mwali_wa_Kigamboni #49
…Nimeuliza hivyo hivyo. "Nichukue au nisichukue."

Mgosi_Original #50
Uzi mzima huu 😭😭

Kombo_wa_Chake #51
Futa mchanga binti.

Mzee_wa_Ree #52
Na ukiuliza upya kumbuka ni mara ya sita hiyo. Kadi zikiwa nusu kwa nusu, ukiuliza mara tatu tu, uwezekano wa kupata angalau ndiyo moja ni saba kwa nane. Mtu anayeuliza mpaka apate anachotaka hukipata. Kwani kodi ya fremu wanataka ya miezi mingapi?

Mwali_wa_Kigamboni #53
Sita, na kilemba cha kumpa anayetoka. Kuhusu hilo hata sikuwaza kuuliza kadi.

Mama_Wawili_Tanga #54
Kilemba tena? Mwambie aandike mkataba na mwenye nyumba, sio na anayetoka. Nimeshalizwa hivyo.

Dokta_Pau #55
Mrejesho. Nimepiga marundo matatu mara 10, ndiyo 10. Nimehesabu vizuri, ree ziko TANO, ya Vikombe ziko mbili. Seti yangu imechanganyika na ya mke wangu.

Mzee_wa_Ree #56
Sasa zile hapana za mara kwa mara ulikuwa unazitoa wapi?

Dokta_Pau #57
Hilo na mimi najiuliza.

Mwali_wa_Kigamboni #58
Wakuu moja la mwisho. Wakati nakoroga kadi moja imeruka imeanguka sakafuni, uso juu, imelala upande kabisa, sio wima sio kichwa chini. Hiyo inahesabiwa nini?

Nyota_ya_Kusini #59
Hiyo ndo jibu lenyewe! Kadi gani?

Ustadh_Mpole #60
Iokote mwanao asiikanyage.